Imeili kali unaweza kuilainisha na ombi likabaki gumu vilevile, nimeona inavyofanyika

Kuna kipindi kazini nilipewa kazi ambayo haikuwa kwenye mkataba wangu, kusoma imeili za mtu mwingine kabla hazijatumwa. Mwenzetu mmoja alikuwa mgeni kwenye timu, akapewa kukusanya takwimu za kila mwezi kutoka idara zote, na kichwa chake kinafanya kazi vizuri kuliko wengi wetu ila imeili zake zilikuwa kama kofi. Watu wakalalamika, bosi akaniita akaniambia kaa naye, msomee kabla hajatuma. Sikufurahi kusema ukweli, mana unajikuta uko katikati, huyu anaona unamchunga, wale wanaona wewe ndo unamwandikia. Lakini nikajifunza vitu ambavyo sikuwahi kuvifikiria kwa miaka yote niliyoandika imeili, na naviandika hapa kwasababu naona watu wengi wamekwama palepale alipokwama yeye, wanadhani una njia mbili tu, kuwa mkali au kuwa mlegevu.

Ntachukua kisa kimoja tu cha kaka wa stoo kwasababu ndani yake kuna karibu kila kitu.

Kaka wa stoo anatuma faili la Excel kila mwezi, lina mistari ya bidhaa, salio la mwanzo, zilizoingia, zilizotoka na salio la kufungia. Mwezi huo mistari fulani ilikuwa haikai sawa. Mwenzangu akaandika hivi, na hii ilitumwa kabla sijaanza kumsomea:

Mada: TAKWIMU ZA STOO!!!

"Faili ulilotuma lina makosa tena. Si nilikwambia mwezi uliopita uhakikishe salio linalingana kabla ya kutuma? Hatuwezi kila mara kusubiri kwa sababu yako. Rekebisha utume leo."

Jibu lilikuja haraka sana, tena refu. Kaka wa stoo akaeleza amefanya kazi hapo muda gani, kwamba yuko peke yake stoo, kwamba mwezi uliopita kosa halikuwa lake lilikuwa la waliopokea mzigo, na kwamba yeye sio mtoto wa kuambiwa "si nilikwambia". Yote hayo kaandika, ila faili hakuambatanisha, na kuhusu salio hakugusa hata neno moja.

Hiyo ndo dalili ya kwanza ningependa uikumbuke. Ukitaka kujua imeili yako imekuwa kali kupita kiasi usiangalie kama mtu amekasirika, angalia jibu lake linazungumzia nini. Kama anajibu kuhusu wewe na yeye, na kazi uliyoomba haionekani kwenye jibu, basi maneno yako yalimpa kazi nyingine ya kufanya, kazi ya kujitetea, na mtu akishaanza kujitetea ile kazi yako inasubiri.

Nilipoisoma ile imeili mara ya pili ndo nikaona kitu kilichonishangaza. Kumbe haikuwa na nguvu yoyote. Ilikuwa kali lakini haina nguvu, na hivyo ni vitu viwili tofauti. "Lina makosa", yapi? Faili lina mistari kibao. "Rekebisha", irekebishwe iwe vipi? "Leo", leo saa ngapi, mana mwingine leo yake inaisha akifunga ofisi na mwingine inaisha saa sita usiku. Yule kaka hata angekuwa na moyo wa malaika angelazimika kurudisha swali kwanza ndo aanze kazi. Ukali ulikuwa umefunika upungufu, mwandishi anahisi amesema kila kitu kwasababu amekisema kwa hasira. Toka siku hiyo nikishika imeili kali ya mtu cha kwanza siangalii maneno mabaya, natafuta ombi liko wapi, na mara nyingi nakuta halipo au lipo nusu.

Sasa mwenzangu alipoambiwa apunguze ukali akaenda upande wa pili kabisa. Mwezi uliofuata tatizo likajirudia, na akaandika hii akatuma asubuhi moja nikiwa sipo:

Mada: Salamu

"Habari za leo kaka, natumaini wewe na familia mko salama na kazi zinaendelea vizuri. Samahani sana kwa usumbufu, najua uko bize mno. Nilikuwa naomba tu, kama hutojali na ukipata nafasi, labda ungeangalia kidogo lile faili la mwezi kama kuna kitu cha kurekebisha. Hakuna haraka sana. Samahani tena na asante sana kaka yangu."

Jibu: "Salama kabisa dada, usijali, nitaangalia."

Jibu zuri, la heshima, na mwenzangu akafurahi akanionyesha, ona, nimeongea naye vizuri. Siku zikapita. Ripoti ikafungwa na ile mistari ikiwa na alama ya kuuliza, mkurugenzi akauliza kikaoni mbele ya wote, na yeye akatoka pale machozi yako karibu. Akamfuata kaka wa stoo, kaka wa watu akashangaa kwa dhati kabisa, "lakini dada si ulisema hakuna haraka?" Na ni kweli alisema. Hapo huwezi kumlaumu mtu.

Dalili ya pili basi ni hiyo. Imeili iliyolegea inajulikana kwa jibu tamu lisilo na tarehe. "Nitaangalia", "usijali", "tuko pamoja", "nimekusoma". Ukipata jibu la namna hiyo usifurahi haraka, rudi kwenye imeili yako usome ulichoomba, kuna uwezekano mkubwa hukuomba kitu. Jaribio ninalotumia mimi ni hili: je huyu mtu anaweza kunijibu "sawa" na bado asijue kesho asubuhi afungue faili gani abadilishe nini? Kama anaweza, ombi bado halijaandikwa.

Angalia ile imeili ya pili maneno ya kulainisha yamekaa wapi. "Tu", "kama hutojali", "ukipata nafasi", "labda", "kidogo", "hakuna haraka", yote yamelizunguka tendo na muda. Yaani kila mahali palipotakiwa kuwa pagumu ndo pamewekwa pamba. "Labda ungeangalia kidogo" sio ombi, ni wazo limepita. Na samahani mbili kwa mtu ambaye unamwomba afanye kazi ambayo ni yake, hizo zinamwambia kwamba na wewe huna uhakika kama una haki ya kuomba. Mimi samahani naiweka pale tu ambapo kweli nimemsumbua mtu, kwa mfano nimechelewa kumwambia au nimebadilisha muda, na naiweka moja.

Ikabidi tukae chini tuandike ya tatu pamoja. Tulianza vibaya kidogo kwasababu yeye alitaka tuchukue ile ya kwanza tuongeze "tafadhali". Hii watu wengi wanafanya na haisaidii, mana tafadhali hailainishi sentensi ambayo imemlaumu mtu. "Tafadhali hakikisha unaacha kutuma makosa" ni kali kuliko isiyo na tafadhali, inasomeka kama mtu anakusemesha meno yakiwa yamefungwa. Kwa hiyo tukaiacha ile ya kwanza, tukachukua karatasi tukaandika majibu ya maswali bila kufikiria lugha kabisa: nataka nini hasa, kutoka kwa nani, kabla ya lini, kwa nini muda huo, na akishindwa itakuwaje. Tukayaandika kikavu kama orodha ya sokoni. Hilo ndo fupa la imeili, halafu ndo tukaanza kuweka adabu, na sheria tuliyojiwekea ni kwamba adabu haigusi yale majibu.

Hii ndo iliyotoka, ilitumwa Jumatatu asubuhi:

Mada: Faili la stoo la Machi, mistari miwili, kabla ya Jumatano saa 4 asubuhi

"Habari za asubuhi kaka,

Naomba unirudishie faili la Machi likiwa limerekebishwa kabla ya Jumatano saa 4 asubuhi. Mengine yote yako sawa, imebaki mistari miwili.

Mstari wa 14: salio la mwanzo ni 410, zimeingia 60, zimetoka 140, kwa hesabu yangu salio la kufungia linakuja 330. Kwenye faili limeandikwa 320.

Mstari wa 22: sehemu ya zilizotoka iko wazi.

Inawezekana kwenye mstari wa 14 kuna hati ya kutolea mzigo ambayo mimi sina. Kama ipo, nitumie nakala yake nami nitarekebisha upande wangu, usibadilishe kitu.

Saa 4 nimeiweka kwa sababu ripoti nzima inafungwa saa 6 mchana siku hiyo na kwenda kwa mkurugenzi. Kama unaona Jumatano haitawezekana, naomba unijulishe kesho kabla ya saa 8 mchana ili tukubaliane tutaandika nini kwenye mistari hiyo.

Asante kaka."

Ni ndefu kuliko zote mbili na hiyo sio bahati mbaya. Urefu umeenda kwenye mambo, salamu zimebaki mstari mmoja.

Naomba niipitie mana hapa ndo penye kazi yenyewe.

Ombi liko kwenye sentensi ya kwanza baada ya salamu. Tulibishana hapo, yeye aliona ni ukali kuanza na ombi, anataka kwanza kuuliza hali. Nikamwambia shika simu yako uangalie imeili inavyoingia, unaona jina, mada, na kipande kidogo cha mwanzo wa ujumbe. Ukijaza hapo "natumaini wewe na familia mko salama" mtu aliyeko kazini anaona salamu, anasema ntasoma baadae, na baadae haiji. Salamu moja inatosha kuonyesha umemwona mtu. Mengine ya familia mtaulizana mkionana, na itakuwa na ukweli zaidi kuliko kwenye imeili inayotaka faili.

"Naomba unirudishie", sio "nirudishie" na sio "nilikuwa naomba kama ungenirudishia". Kwenye lugha yetu tuna ngazi nzuri sana ya kuomba, kutoka amri mpaka kuomba kwa mbali, na kila hatua unayopanda unaongeza heshima lakini unapunguza uhakika. "Rudisha" ni amri. "Naomba unirudishie" ni heshima kamili na bado inadai kitu. "Ningeomba unirudishie" bado inabeba, kwa mtu mkubwa kwako kiumri au kicheo naitumia. Ukifika "nilikuwa naomba kama ungeweza" umeshaingia kwenye maji, mana umejiweka wakati uliopita na yeye umemweka kwenye kama. Na "unaweza kunirudishia?" inaonekana ya adabu lakini ni swali, na jibu lake halali ni "naweza". Nimewahi kujibiwa hivo hivo, naweza, basi, mwisho wa mazungumzo.

Muda umeandikwa siku na saa, na hauna "hivi", "kama", wala "ikiwezekana" pembeni yake. Watu wanaogopa kwamba saa kamili ni ukali. Sio. Saa isiyo na sababu ndo inauma, mtu anaona kwa nini huyu ananipangia. Ukiiwekea sababu iliyo ya kweli inakuwa taarifa. Ona sababu pale imekaa kwenye sentensi yake kamili, "saa 4 nimeiweka kwa sababu ripoti inafungwa saa 6", mtu akisoma anaelewa kuna masaa mawili ya kuingiza na kuhakiki, hakuna anayeonewa. Na usitunge sababu, ukisema mkurugenzi anasubiri saa 6 na ripoti ikakaa mpaka Ijumaa, mwezi ujao saa yako haina thamani tena. Kingine kidogo, kama mwenzako anatumia kalenda ya simu inayosoma 10:00 muandikie zote mbili, saa 4 asubuhi (10:00), mana kuna watu wameingiza saa 4 kwenye simu kama 4:00 na kengele ikalia alfajiri, au ikalia jioni kazi imeshapita.

Makosa yametajwa kwa mstari na hesabu. Hiki ndo kitu kilichofanya kazi kubwa kuliko maneno yote ya upole. "Faili lina makosa" ni hukumu juu ya mtu, hata kama hujamtaja. "410 ongeza 60 toa 140 inakuja 330, imeandikwa 320" ni hesabu, na hesabu mtu anaihakiki, haibishaniwi kwa hisia. Mwenzangu aliniuliza sasa huku sio kumwonyesha kwa kidole kosa lake kabisa? Ndio, lakini umeonyesha kosa, hujamwonyesha yeye, alafu umempunguzia kazi ya kutafuta. Kumtajia mtu mstari wa 14 ni upole kuliko kumwambia samahani mara kumi na kumwachia faili zima alichambue. Na ile "mengine yote yako sawa" sio sifa ya kupaka mafuta, inampa ukubwa wa kazi, anajua ni dakika chache sio nusu siku. Sifa za kupaka mafuta mimi siweki, "kazi yako ni nzuri sana kaka, lakini..." kila mtu mzima anajua hiyo "lakini" inakuja, anairuka sifa anasubiri kipigo.

Halafu kuna ile sentensi ya "inawezekana". Hapa ndo penye siri ya kulainisha bila kulegeza, kama naruhusiwa kuiita siri. Shaka ina mahali pake. Ukiiweka kwenye ombi, labda unitumie, ombi linakufa. Ukiiweka kwenye chanzo cha tatizo, inawezekana kuna hati ambayo sina, ombi linabaki zima na mtu anapata mlango wa kutokea bila kujitetea. Na sio janja ya maneno tu, ni ukweli, mana wewe unayeona faili huoni stoo. Hujui kwa nini ni 320. Unajua tu kwamba hailingani. Kile usichokijua kiandike kama usichokijua.

Na kweli jibu lilikuja siku ileile mchana. Mstari wa 22 alisahau kujaza, akasema wazi nimesahau. Mstari wa 14, kulikuwa na 10 zilizoharibika zikaondolewa kwa hati ya pembeni, na ile hati haikuwahi kufika kwetu. Salio lake la 320 lilikuwa sahihi, ni kwetu kulikopungua karatasi. Fikiria sasa tungetuma "lina makosa tena".

Nilimwona mwenzangu anasoma lile jibu, akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza kwa hiyo na ile ya mwezi wa kwanza inawezekana... nikamwambia sijui, nenda stoo ukamuulize mwenyewe. Alienda. Waliongea nini sijui na sikuuliza.

Kuna jambo moja la sarufi ambalo lilitusumbua na naona halisemwi. Watu wakiambiwa wasilaumu wanajifunza kuondoa "wewe" kwenye sentensi, ambalo ni wazo zuri, halafu wanaliondoa kila mahali. Matokeo yake ni "faili lirekebishwe na kutumwa kabla ya Jumatano". Lirekebishwe na nani? Kama imeili imeenda kwa watu watatu hapo hakuna atakayegusa, kila mmoja anamwona mwenzie. Tulichokuja kukubaliana ni kugawa kwa wakati. Kwa yaliyokwisha kutokea kitu ndo kinasema: faili halijafika, sehemu iko wazi, salio halilingani. Kwa yatakayofanyika mtu anatajwa: naomba urekebishe, naomba unitumie. Ndo maana "sijaliona faili" ni bora kuliko "hujatuma faili", mana pengine ametuma na limekwama kwenye taka za imeili, lakini "naomba ulitume kabla ya saa 4" lazima awe yeye. Ukigeuza hizo mbili, yaani kumtaja mtu kwenye lawama na kumficha kwenye ombi, unapata ile imeili mbaya kuliko zote, inaumiza na haifanyi kazi.

Na kuna yale maneno madogo. Tulipitia imeili zake za nyuma na karibu kila iliyoleta ugomvi ilikuwa na moja kati ya haya: tena, kila mara, siku zote, mbona, si nilisema, kama nilivyokwisha kusema, hata. Ukiongea "mbona hujatuma" ukiwa unacheka mlangoni haina shida, sauti imeibeba. Kwenye maandishi sauti haipo, msomaji anaweka yake, na mtu aliyechoka ataweka mbaya. "Tena" na "kila mara" zina tatizo la ziada, zinafungua kesi za zamani, na mtu atatafuta mara moja ambayo haikuwa hivo ili akuonyeshe umedanganya. Mimi sasa nikimaliza kuandika nazitafuta hizo moja moja nazifuta, na cha ajabu sentensi haipungukiwi maana yoyote. Maswali ya "kwa nini" nayo, "kwa nini hujatuma?" inaomba maelezo, utapewa maelezo. Kama unataka faili omba faili. Kama unataka kweli kujua kimekwama wapi ili usaidie, andika hivo, "kimekwama wapi, kuna kitu upande wangu?"

Sasa, kukumbusha. Sio kila mtu anajibu siku ileile kama kaka wa stoo. Kulikuwa na idara nyingine, siitaji, tulituma imeili nzuri kabisa ya namna hii na ikafika Jumanne saa 8 kimya. Mwenzangu akataka kurudi kwenye ile sauti yake ya zamani, nikamwelewa, adabu isiyojibiwa inauma. Tuliandika kwenye imeili ileile, sio mpya, ili ombi la mwanzo liwe chini yake:

"Habari za mchana dada, nakumbusha takwimu za kesho saa 4 asubuhi. Hadi sasa sijaziona. Zisipofika kesho kufikia saa 4, ripoti itaenda na sehemu yenu ikiwa imeandikwa 'haijapokelewa', na nitamjulisha bosi wangu hivyo. Kama kuna kitu kimekwama nipigie, niko mezani mpaka saa 11 jioni."

Hiyo ni ngumu, ngumu kuliko ile ya kofi ya mwanzo, lakini isome uone haimgusi mtu. Inasema nitakachofanya mimi na ripoti yangu, haisemi nitakachomfanya yeye. "Usipotuma nitakuripoti" na "zisipofika zitaandikwa hazijapokelewa" matokeo yake ofisini yanaweza kuwa yaleyale, ila ya kwanza ni kitisho na ya pili ni taarifa ambayo inampa nafasi ya kuamua. Na lazima uifanye kweli. Zilikuja saa 5, tukawa tumeshaandika haijapokelewa, tukaacha palepale kwenye nakala iliyokwenda, tukaziingiza kwenye nakala ya marekebisho. Alinuna kidogo. Mwezi uliofuata zilifika siku moja kabla.

Na kumweka bosi kwenye CC. Mwenzangu alikuwa anamweka toka imeili ya kwanza, anaona ndo utaratibu. Ukimweka bosi kwenye CC ya ombi la kwanza hakuna neno laini litakaloiokoa, mtu haoni tena maneno, anaona ameshitakiwa. Sisi tukawa tunamweka kuanzia pale muda tuliosema ulipopita, na ile imeili ya kukumbusha ilikuwa imeshasema kwamba atajulishwa, kwa hiyo hakuna aliyestukizwa.

Nisiseme kwamba njia hii inafaa kila kitu. Kuna wakati lainilaini yenyewe ni kosa. Siku moja mwenzangu aligundua malipo yanaelekea kwenda akaunti ambayo sio, na akaanza kuandika "Habari za mchana kaka, naomba uangalie...", nikamwambia acha, piga simu, useme simamisha malipo hayo. Halafu andika mstari mmoja, "Usitume malipo ya leo, namba ya akaunti sio sahihi, nakupigia." Hapo amri ndo adabu, hakuna mtu mwenye akili atakayenuna. Vilevile kama jambo lenyewe ni tabia ya mtu, anachelewa kila mwezi na umeshaona sio hati zilizopotea, imeili haiwezi, hata iandikwe vizuri vipi, hilo ni la kukaa naye mkaongea na baadae mkaandika mlichokubaliana. Tulijaribu kwa mmoja kuliandika ikatoka kurasa mbili za lawama zilizovaa suti, tukazifuta.

Cha mwisho ambacho tulikuwa tunakisahau mwanzoni, faili likifika jibu. "Nimelipata kaka, mistari yote miwili inalingana sasa, naifunga." Sio asante tupu, mana asante tupu haimwambii kama kazi imeisha au bado utarudi. Kaka wa stoo siku hizi akituma faili anaandika mwenyewe chini, mstari fulani una hati ya pembeni, nimeambatanisha. Hakuna aliyemwomba aanze kufanya hivo, na mimi imeili za mwenzangu nimeacha kuzisoma toka kitambo, sasa hivi mimi ndo namtumia yeye zangu nikiwa na hasira anisomee kwanza.